Taarifa ya Malipo Yaliyorudi na Ada Iliyokatwa: Namna ya Kuzilinganisha

Mtumiaji wa huduma za fedha anapotia saini fomu ya kuiruhusu kampuni kukata fedha kwenye akaunti yake kila mwezi, anakabidhi jukumu la kuanzisha malipo kwa mtu mwingine. Hapo ndipo malipo ya kukatwa moja kwa moja yanapotofautiana na agizo la kudumu. Katika agizo la kudumu, mteja huielekeza benki yake ipeleke kiasi fulani siku fulani. Katika malipo ya kukatwa moja kwa moja, anayedai ndiye anayeituma hati ya madai benki, na benki hulipa au hurudisha. Tofauti hiyo ina uzito katika somo hili kwa sababu anayedai aweza kuleta dai lake mara moja, mara mbili au hata mara tatu katika mwezi mmoja, na kila linaporudi, benki hutoza ada.

Dai linaporudi, mteja hupaswa kuona vitu viwili. Cha kwanza ni taarifa ya malipo yaliyorudi, inayofika kwa barua, kwa barua pepe au kwa ujumbe mfupi wa simu. Cha pili ni ada ya malipo yaliyoshindikana, inayoonekana baadaye kwenye taarifa ya akaunti. Watu wengi husoma kimoja na kukitupa kando kabla ya kukiona cha pili. Makosa mengi ya ada hujificha katika pengo hilo, kwani ada ikisomwa peke yake huonekana halali siku zote: ina jina linaloeleweka, ina kiasi kinachojulikana, na mteja anakumbuka kwamba kweli mwezi huo salio lilipungua.

Tuchukue mfano, ambao tumeutunga kwa ajili ya somo hili. Mama mwenye duka la vitenge mjini Morogoro alikopa katika taasisi ya mikopo midogo. Rejesho lake ni shilingi 185,000 kwa mwezi, na fomu ya idhini aliyoitia saini inasema fedha zitakatwa kwenye akaunti yake ya benki tarehe 5 ya kila mwezi. Akaunti yake haina sharti la salio la chini. Orodha ya ada ya benki yake, iliyobandikwa ukutani katika tawi, inasema ada ya malipo yaliyorudi ni shilingi 15,000 kwa kila tukio, kabla ya kodi. Mwezi Machi 2024 alipokea taarifa mbili za malipo yaliyorudi. Ya kwanza ni ya tarehe 5 Machi, yenye namba ya rejea inayoishia na 0417. Ya pili ni ya tarehe 8 Machi, rejea inayoishia na 0592. Zote mbili zinataja kiasi cha 185,000 na sababu moja: salio halitoshi.

Mwishoni mwa mwezi aliomba taarifa ya akaunti, nayo ilisomeka hivi:

04 Machi: salio 171,400
05 Machi: rejesho la mkopo, kutoka 185,000, salio -13,600
05 Machi: rejesho limerudi, kuingia 185,000, salio 171,400
06 Machi: ada ya malipo yaliyorudi 15,000, rejea 0417, salio 156,400
06 Machi: VAT 2,700, salio 153,700
08 Machi: rejesho la mkopo, kutoka 185,000, salio -31,300
08 Machi: rejesho limerudi, kuingia 185,000, salio 153,700
11 Machi: ada ya malipo yaliyorudi 15,000, rejea 0592, salio 138,700
11 Machi: VAT 2,700, salio 136,000
12 Machi: fedha taslimu kuingia 100,000, salio 236,000
15 Machi: rejesho la mkopo, kutoka 185,000, salio 51,000
18 Machi: ada ya malipo yaliyorudi 15,000, rejea 0592, salio 36,000
18 Machi: VAT 2,700, salio 33,300

Jambo la kwanza linalowachanganya wasomaji wa taarifa kama hii ni mistari miwili ya tarehe 5, na ile miwili ya tarehe 8. Fedha zinatoka, kisha zinaingia tena siku hiyohiyo. Wapo wanaodhani wamekatwa mara mbili. Wapo pia wanaofurahia ule mstari wa kuingia wakidhani ni fedha mpya. Ukweli ni kwamba hakuna shilingi iliyoondoka. Mfumo wa benki uliandika dai, ukaona salio halitoshi, ukalifuta. Katika taarifa nyingi za akaunti jozi hiyo hutambulishwa kwa maneno ya Kiingereza kama UNPAID au REVERSAL. Jozi hiyo ndiyo alama ya kwamba malipo yamerudi kweli, na thamani yake katika ukaguzi ni kubwa kuliko ule mstari wa ada wenyewe.

Kanuni ya kulinganisha ni nyepesi: kila ada iwe na jozi yake, na kila jozi iwe na taarifa yake. Chukua kalamu, anza na ada ya kwanza. Ada ya tarehe 6 Machi ina rejea 0417. Je, kuna taarifa yenye rejea hiyo? Ipo, ya tarehe 5. Je, kuna jozi ya kutoka na kuingia ya tarehe hiyo na ya kiasi hicho? Ipo. Weka alama kwenye vyote vitatu. Ada ya tarehe 11 ina rejea 0592. Taarifa ipo, ya tarehe 8, na jozi ipo. Usishangazwe na siku tatu zilizopita katikati. Tarehe 8 Machi 2024 ilikuwa Ijumaa, na benki nyingi huandika ada siku ya kazi inayofuata. Kwa sababu hiyohiyo, malipo yaliyorudi tarehe 30 au 31 huweza kuzaa ada inayoonekana kwenye taarifa ya mwezi mwingine kabisa. Anayekagua mwezi mmoja bila kufungua unaofuata ataona taarifa isiyo na ada, na mwezi ujao ataona ada isiyo na taarifa, na mara zote mbili atakuwa amekosea.

Sasa tazama ada ya tarehe 18. Rejea yake ni 0592, ambayo tayari imewekewa alama. Hakuna taarifa ya tatu. Hakuna jozi ya tatu. Rejesho la tarehe 15 lilitoka na halikurudi. Salio lilishuka kutoka 236,000 hadi 51,000 na likabaki hapo. Kwa maneno mengine, tukio moja la tarehe 8 limetozwa mara mbili. Kosa la namna hii hutokea, kwa mfano, pale mfumo unapokata ada wenyewe, kisha mtumishi wa tawi akaikata tena kwa mkono akidhani haijakatwa. Mteja hahitaji kuthibitisha lilivyotokea. Kazi yake ni kuonesha ada tatu kwa malipo mawili yaliyorudi. Kueleza ya tatu ni kazi ya benki.

Ipo tahadhari moja. Si kila benki huonesha ile jozi. Mifumo mingine hukagua salio kabla ya kuandika chochote, hivyo dai lisilolipika haliachi alama kwenye akaunti, na mteja huona ada pekee. Ikiwa benki yako ni ya namna hiyo, taarifa ya malipo yaliyorudi ndiyo ushahidi wako wa pekee, na kuifuta kwenye simu kwa sababu inaudhi ni kujinyima ushahidi huo. Iwapo benki itasema kulikuwa na jaribio la tatu ambalo halikuonekana, iombe ikupe tarehe, saa, kiasi na rejea ya jaribio hilo. Jaribio halisi huwa na hivyo vyote vinne.

Baada ya kuhesabu matukio, hesabu kiasi. Tangu Julai 2016 ada za huduma za benki hutozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, na katika mwezi wa mfano wetu kiwango cha Tanzania Bara kilikuwa asilimia 18. Kodi hiyo hukatwa juu ya ada, si juu ya malipo yaliyoshindikana. Asilimia 18 ya 15,000 ni 2,700. Mistari ya VAT hapo juu iko sawa. Lakini rudi kwenye orodha ya ada uisome kwa makini, kwani neno moja linabadili hesabu yote. Laiti orodha ingesema ada ni 15,000 pamoja na kodi, basi mteja angepaswa kukatwa 15,000 kwa ujumla, yaani ada ya 12,711.86 na kodi ya 2,288.14. Kukatwa 15,000 kisha 2,700 juu yake kungekuwa kutozwa kodi mara mbili kwenye kila tukio, hata matukio yale mawili ambayo kweli yalitokea. Angalia pia tarehe ya orodha yenyewe. Linganisha na orodha iliyokuwa ikitumika siku malipo yaliporudi, wala si ile iliyobandikwa siku unayokwenda kulalamika.

Hadi hapa tumeuliza kama ada zinalingana na taarifa. Lipo swali jingine ambalo watu hulisahau: je, taarifa zenyewe zinasema kweli? Sababu iliyoandikwa kwenye taarifa haina budi kukubaliana na akaunti. Tarehe 5 salio lilikuwa 171,400 na dai lilikuwa 185,000. Pungufu ni 13,600, hivyo sababu ya salio kutotosha ni sahihi. Tarehe 8 salio lilikuwa 153,700. Sababu ni sahihi pia. Zingatia kwamba pungufu la mara ya pili ni kubwa zaidi, kwa kuwa ada ya kwanza ilikwisha kulimega salio. Mteja aliyekosa 13,600 siku ya kwanza alikosa 31,300 siku ya pili pasipo kutumia hata senti.

Kama salio lako linaonekana kutosha na bado taarifa inasema halitoshi, usikimbilie kulalamika kabla ya kuangalia mambo mawili. Salio linaloandikwa kwenye taarifa ya akaunti linaweza kuwa kubwa kuliko salio linaloweza kutumika, ikiwa akaunti ina sharti la salio la chini au ikiwa kuna fedha zilizozuiwa, kama za hundi ambayo haijaiva. Mwenye 190,000 katika akaunti inayotaka ibaki na 10,000 ana 180,000 tu za kulipa. Pili, mistari ya siku moja haipangwi lazima kwa mfuatano wa saa. Mshahara ulioingia saa tisa alasiri unaweza kuandikwa juu ya dai lililokataliwa saa mbili asubuhi. Omba saa za miamala, na jibu litajitokeza lenyewe.

Sababu nyingine zina maana tofauti kabisa. Taarifa ikisema idhini imefutwa, au kiasi hakilingani na idhini, kosa si la salio. Ikiwa taasisi ilidai 195,000 badala ya 185,000 na benki ikakataa kwa haki, ni vigumu kuona kwa nini mteja alipie ada ya kosa la mdai. Hapo anayestahili kurudisha fedha ni taasisi iliyoleta dai lisilo sahihi, na ombi lipelekwe kwake likiwa na nakala ya fomu ya idhini.

Jambo hilo linaturejesha kwenye tarehe 8 Machi. Ada ya pili inalingana na taarifa, inalingana na jozi, na sababu yake ni ya kweli. Kwa upande wa benki hakuna kosa. Lakini fomu ya idhini inasema tarehe 5 ya kila mwezi. Taasisi ilipata wapi ruhusa ya kudai tena tarehe 8, na tena tarehe 15? Fomu nyingi zina kifungu kidogo kinachoruhusu dai lililorudi kuletwa upya; baadhi hutaja idadi ya mara na siku, nyingine hazitaji lolote. Kama fomu ya mama huyu ina kifungu hicho, ada ya pili ni mzigo wake. Kama haina, ana hoja dhidi ya taasisi ya mikopo kwa 17,700 za tarehe 11, si dhidi ya benki. Huku ndiko malalamiko mengi yanakopotea: mteja hupeleka hoja mbili kwenye dirisha moja, benki inajibu ile isiyoihusu kwa kusema haihusiki, na ile inayoihusu inazama pamoja nayo. Ziandikwe barua mbili.

Inafaa pia kutenganisha ada ya benki na adhabu ya kuchelewa ya mkopeshaji. Hiyo ya mwisho haionekani kwenye taarifa ya akaunti ya benki. Huongezwa kwenye deni na kuonekana kwenye taarifa ya mkopo, na kipimo chake ni mkataba wa mkopo.

Mfano wetu haukomei Machi. Mama yule hakuwa ameiona ada ya tarehe 18 alipopiga hesabu ya Aprili. Tarehe 4 Aprili aliweka 150,000, akijua zinatosha. Salio lilikuwa 33,300, likawa 183,300. Kesho yake dai la 185,000 likarudi kwa pungufu la shilingi 1,700, na ada nyingine ya 15,000 pamoja na VAT ya 2,700 ikakatwa. Ada hii ya Aprili ina taarifa, ina jozi, na sababu yake ni sahihi kwa siku hiyo. Kwa ukaguzi wa mwezi mmoja mmoja, ni halali. Lakini ondoa ada isiyo halali ya tarehe 18 Machi, salio la tarehe 4 Aprili lingekuwa 201,000. Rejesho lingelipwa na zingebaki 16,000. Kosa la kwanza limezaa la pili. Hivyo dai lake kwa benki si 15,000. Ni 17,700 za Machi pamoja na 17,700 za Aprili, jumla 35,400, na kama taasisi ya mikopo ilimwekea adhabu ya kuchelewa kwa Aprili, kiasi hicho nacho kinaingia katika madai.

Ili kujua kama jambo kama hili limekupata, fanya hesabu moja: chukua salio la siku malipo yaliporudi, ongeza ada zote unazoamini hazikustahili kukatwa kabla ya siku hiyo, kisha uone kama jumla ingefikia kiasi cha dai. Isipofikia, malipo yangerudi hata bila kosa la benki, na unayodai ni ada iliyokosewa tu.

Malalamiko yapelekwe kwa maandishi, hata kama mteja anafahamiana na watumishi wa tawi. Jibu la dirishani aghalabu ni kwamba, "Mama, mfumo ndio umekata," na baada ya hapo hakuna kumbukumbu. Barua ya mama wa Morogoro haihitaji kurasa mbili. Yatosha kusema: "Kwenye akaunti yangu nimetozwa ada tatu za malipo yaliyorudi mwezi Machi 2024, tarehe 6, 11 na 18. Nilipokea taarifa mbili tu, rejea 0417 na 0592. Ada ya tarehe 18 imetumia rejea 0592 iliyokwisha kutozwa tarehe 11. Naomba nirudishiwe 15,000 na VAT yake 2,700. Kwa sababu ya makato hayo, malipo yangu ya tarehe 5 Aprili yalirudi kwa upungufu wa 1,700; naomba nirudishiwe pia 17,700 zilizokatwa kwa tukio hilo. Nambatisha nakala za taarifa mbili na taarifa ya akaunti ya miezi miwili." Omba namba ya lalamiko na tarehe ya kupokelewa, iandikwe kwenye nakala unayobaki nayo.

Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019, zilizotolewa chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Tanzania, zinamtaka mtoa huduma awe na utaratibu wa kupokea na kushughulikia malalamiko. Lalamiko huanzia kwa mtoa huduma mwenyewe. Asiporidhika na jibu, mteja anaweza kulifikisha Benki Kuu, na hapo ile namba ya lalamiko na nakala ya barua ndizo zitakazoulizwa kwanza.

Fedha zikirudishwa, soma taarifa ya akaunti tena. Marejesho ya ada mara nyingi huja kama mstari mmoja wa 15,000, huku kodi iliyokatwa juu ya ada hiyo ikisahaulika. Ada ikifutwa, kodi yake haina tena kitu cha kusimamia. Kwa mama wa Morogoro, mistari ya kuingia haina budi kufikia 35,400. Ikifikia 30,000, bado anadai 5,400, nazo zinadaiwa kwa namba ileile ya lalamiko bila kuanzisha jipya.